CK iko juu na statini nimeshaacha: ni dawa au ni tezi?

"Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 47. Nilipima kolesteroli ikawa juu nikapewa atovastatini ya 20, baada ya kama miezi miwili mapaja yakaanza kuuma sana, hata kuinuka chini nashindwa. CK ikatoka 1640 nikaambiwa niache dawa. Nimeacha wiki sita sasa, CK imerudi 1480, maumivu yapo vilevile, AST ni 78 na ALT 61. Ndo wakapima TSH ikatoka 68 na FT4 3.2. Nimeanzishiwa levothairoksini 50 ila naogopa ile statini imeniharibu misuli moja kwa moja. Ni ipi kati ya hivi viwili? Na nitaweza kurudi kwenye statini?"

Marahaba dada. Nianze na jibu lenyewe maana najua ndo unalolingoja. Kwa namba ulizonipa, mhusika mkuu ni tezi ya thairoidi. Statini inawezekana kabisa imechangia, lakini imekuja ikakuta misuli yako tayari iko hoi kwa kukosa homoni, na misuli ya namna hiyo hairudi kuwa sawa kwa kuacha statini peke yake, inarudi kwa kurudishiwa homoni. Na hapana, kwa sehemu kubwa sana ya watu wa hali yako haijaharibika moja kwa moja. Mimi sijakushika mguu wala sijakuona unatembea, kwa hiyo anayekutibu ndo mwenye neno la mwisho, ila ngoja nikueleze kwa nini naegemea huko, ili na wewe ujue cha kuangalia wiki zinazokuja.

Kinachonishtua kwenye maelezo yako siyo ile 1640, ni ile 1480. CK ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za misuli, seli ikiumia au utando wake ukilegea kinavuja kuingia kwenye damu. Kikishaingia kwenye damu hakikai sana, nusu yake huondoka ndani ya kama siku moja na nusu hivi. Sasa fikiria ndoo iliyotoboka huku bomba linamimina juu yake, ukifunga bomba maji yanashuka tu, huhitaji kufanya kitu kingine. Kama bomba lako lilikuwa ni statini, ulilifunga wiki sita zilizopita, na atovastatini yenyewe inaisha mwilini ndani ya siku chache, basi hiyo CK ilitakiwa iwe imeshashuka mpaka karibu na kawaida muda mrefu tu, ndani ya wiki mbili mpaka nne kwa watu wengi. Kutoka 1640 kwenda 1480 huko siyo kushuka, hiyo tofauti unaweza kuipata hata kwa kupima asubuhi na jioni. Maana yake kuna bomba lingine bado linamimina. Na ukiangalia karatasi yako, TSH, ile homoni inayoiamrisha tezi na hupanda tezi ikizembea, ni 68 wakati kawaida ni kama 0.4 mpaka 4, na FT4, homoni ya tezi yenyewe, ni 3.2 wakati maabara nyingi zinaanzia kwenye 10 au 12 hivi, bomba lenyewe linaonekana.

Homoni ya thairoidi ndo inayouambia msuli uchome nishati kwa kasi gani. Ikipungua, mitokondria za kwenye misuli zinazembea, akiba ya sukari iliyohifadhiwa humo inavunjwa kwa shida, na zile nyuzi za misuli za haraka, ambazo ndo tunazitumia kuinuka kwa nguvu au kupanda ngazi, zinasinyaa. Juu ya hapo kuna suala la kalsiamu. Msuli unapokaza, kalsiamu inamwagika ndani ya seli, na ili msuli ulegee lazima kalsiamu irudishwe kwenye ghala lake, na pampu inayoirudisha inategemea homoni hii hii. Pampu ikiwa dhaifu msuli unakaza vizuri lakini unachelewa kuachia. Ndo maana mtu wa thairoidi ya chini anakwambia mwili "umekakamaa", misuli inabana usiku, asubuhi viungo vinachelewa kukubali. Huo ugumu na uzito ni alama kubwa, na watu wengi hawausemi kwa daktari kwa sababu wanaona ni uchovu au umri.

Na CK kwa wagonjwa hawa kupanda ni kawaida sana, zaidi ya nusu yao inakuwa juu. Mara nyingi inakaa kwenye mamia, wengine inafika elfu moja na kitu kama wewe, wachache wanafika elfu kadhaa. Jambo ambalo linawachanganya watu ni kwamba ukubwa wa CK hauendi sambamba na udhaifu. Nimeshaona mtu CK yake 400 anashindwa kunyanyua mikono kuchana nywele, na mwingine ana 3000 anatembea zake tu anasema mapaja yanauma kidogo. Kwa hiyo usiichukulie 1480 kama kipimo cha kiasi gani umeharibika, ichukulie kama alama kwamba uvujaji bado unaendelea.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo naomba uisome taratibu, maana hapa ndo watu wengi wanapotezwa. Wewe ulianza na kolesteroli. Kolesteroli ilikuwa juu kwa sababu gani? Ini linaondoa LDL, ile kolesteroli mbaya, kwenye damu kwa kutumia vipokezi maalumu, na idadi ya vipokezi hivyo inategemea homoni ya thairoidi. Homoni ikipungua vipokezi vinapungua, LDL inabaki inazunguka tu kwenye damu. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa sana kwamba ile kolesteroli yako ilikuwa ni dalili ya tezi tangu mwanzo, na ulipewa statini kutibu dalili huku chanzo kimeachwa. Halafu statini ikaingia kwenye mwili ambao misuli yake imechoka na ambao unasafisha dawa taratibu kuliko kawaida, na hali hiyo ya thairoidi isiyotibiwa ni mojawapo ya vitu vinavyojulikana kabisa vinavyoongeza hatari ya statini kuumiza misuli, mpaka kwenye karatasi ya dawa imeandikwa. Ndo maana mimi huwa nasisitiza, mtu mwenye LDL iliyopanda apimwe TSH kabla ya kuandikiwa statini. Ni kipimo kimoja cha damu na kinaokoa mizunguko yote hii.

Kwa hiyo swali la "ni ipi kati ya viwili" kwa mtu kama wewe halina jibu la upande mmoja asilimia mia. Lakini kuna maswali ambayo ukiyajibu kwa ukweli utajua upande upi umebeba uzito zaidi.

La kwanza ni historia kabla ya kidonge cha kwanza cha statini. Kaa chini ukumbuke ile miezi kabla hujapima kolesteroli, siyo baada. Ulikuwa ukipanda ngazi unashika ukuta? Ulikuwa ukiinuka kwenye kochi unajisukuma kwa mikono? Mikono ilikuwa inachoka ukisuka au kuanika nguo, mpaka unaishusha kupumzika? Vigimbi vilikuwa vinabana usiku? Na zile dalili nyingine za tezi, baridi wenzako wakiwa wanasikia joto, choo kigumu, ngozi kukauka, sauti kuwa nzito, uso kuvimba asubuhi, hedhi kuwa nyingi au kuvurugika, usingizi usioisha. TSH haifiki 68 ndani ya miezi miwili kwa mtu ambaye tezi yake ilikuwa nzima na hajafanyiwa upasuaji wala tiba ya mionzi, hiyo imejengeka muda mrefu. Kama misuli ilikuwa inalalamika kabla, basi statini imeongezea sauti tu.

Maumivu ya statini yenyewe yana tabia tofauti. Yanaanza baada ya kuanza dawa au baada ya kuongezewa dozi, kwa kawaida ndani ya wiki nne mpaka miezi mitatu ya mwanzo, yanashika pande zote mbili sawasawa, mapaja, makalio, mashavu ya miguu, mabega. Ni kuuma na kuchoka zaidi kuliko kukakamaa. Na wengi wao CK iko kawaida kabisa, hicho ndo kitu watu hawakijui, wanadhani statini ikikuumiza lazima CK ipande. CK kupanda zaidi ya mara kumi ya kiwango cha juu cha kawaida pamoja na udhaifu, hiyo ni hali adimu. Halafu mtu akiacha dawa anapona, wengine ndani ya siku chache, wengi ndani ya wiki mbili mpaka nne. Akirudia dawa ileile maumivu yanarudi. Huo mtiririko wa kuanza, kuacha, kupona, kurudia, kuuma tena, ndo ushahidi bora tulionao, kwa sababu hakuna kipimo cha damu cha kusema hii ni statini.

Na nikuambie ukweli ambao haupendwi, maumivu mengi yanayolaumiwa statini siyo ya statini. Kwenye utafiti mmoja wa 2020 watu waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu vidonge vya statini, vidonge bandia visivyo na dawa, na miezi mingine bila kidonge chochote, wao wenyewe hawajui kidonge kipi ni kipi. Kama asilimia 90 ya usumbufu walioupata wakiwa kwenye statini waliupata pia kwenye kidonge bandia. Maumivu yalikuwa ya kweli, hawakuwa wanaigiza, ila hayakutoka kwenye dawa. Sikuelezi hivi ili uone maumivu yako ni ya kufikirika, wewe una CK ya 1480 na TSH ya 68, una sababu inayoshikika. Nakueleza kwa sababu statini inabebeshwa lawama haraka mno, na ikishabebeshwa watu wanaacha kutafuta, na tezi inabaki haijatibiwa.

La pili ni kile daktari anachokiona kwa mikono. Kuna vipimo viwili havihitaji mashine, mwombe akufanyie kama hajafanya. Cha kwanza, unapiga magoti juu ya kiti, nyayo zinaning'inia nje, anagonga kwa nyundo ile kano ya nyuma ya kisigino. Kwa mtu mzima mguu unaruka na kurudi mara moja. Kwa mwenye thairoidi ya chini mguu unaruka kwa kasi ya kawaida halafu unarudi polepole, unauona kabisa kwa macho unashuka kwa kusuasua. Hiyo ni ile pampu ya kalsiamu inayochelewa, unaiangalia ikifanya kazi mbele yako. Cha pili, anagonga au kubana kwa nguvu msuli wa mkono wa juu, na pale alipogonga panainuka kituta kidogo kigumu, kisicho na maumivu, kinakaa sekunde kadhaa ndo kinazama. Siyo kila mgonjwa anakuwa navyo, lakini statini haikuletei kurudi kwa mguu polepole, kwa hiyo vikiwepo vinakuelekeza kwenye tezi. Kuna wachache misuli yao inavimba, vigimbi vinakuwa vikubwa kama vya mwanariadha huku havina nguvu. Hali hiyo aliieleza daktari wa Ujerumani Johann Hoffmann mwaka 1897 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ukiiona unajua kabisa unaangalia thairoidi.

Hizo AST na ALT zako, tafadhali zisikutishe na mtu asikupeleke kwenye vipimo vya ini mfululizo kabla hajafikiria. Vimeng'enya hivi viko kwenye ini, ndiyo, lakini viko pia kwenye misuli, hasa AST. Msuli ukivuja CK unavuja na hivi. Kwako AST iko juu ya ALT na CK iko juu sana, hiyo picha ni ya misuli. Akitaka kuhakikisha apime GGT, kimeng'enya cha ini ambacho misuli haina, ikiwa kawaida pamoja na bilirubini basi ini liache kwanza lipumzike. Nasema hivi kwa sababu watu wengi huambiwa statini imewaharibu misuli NA ini kwa pamoja, wanatoka hapo wamekata tamaa, kumbe ni kitu kimoja kinaonekana kwenye karatasi mara tatu.

Sasa matibabu na nini utegemee. Levothairoksini 50 ni dozi ya kuanzia, siyo lazima iwe dozi yako ya mwisho. Mtu mzima ambaye tezi yake imezima karibu yote anahitaji kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 70 anaishia kwenye 112 hivi kwa siku. Wengine wanaanzishwa dozi kamili moja kwa moja, lakini mwenye umri mkubwa au mwenye shida ya moyo anaanza chini, 12.5 mpaka 25, kwa sababu moyo uliozoea kwenda taratibu ukikimbizwa ghafla unaweza kukosa damu. Dawa inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake inaondoka baada ya kama wiki moja, ndo maana TSH inarudiwa baada ya wiki sita mpaka nane, siyo baada ya wiki mbili. Kwa hiyo wiki ya sita ukikuta TSH ni 30 usiseme dawa imegoma, hiyo ni safari ya kutoka 68 kwa dozi ya kuanzia, ataongeza tu.

Namna ya kumeza inaharibu matibabu ya watu wengi kuliko wanavyojua. Meza tumbo likiwa tupu, kwa maji tu, nusu saa mpaka saa moja kabla ya kula au kunywa kahawa. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu, na dawa za asidi ya tumbo vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne, maana vinaikamata tumboni haiingii kwenye damu. Kama hedhi ilikuwa nyingi na ukapewa vidonge vya chuma, hapo ndo pa kuwa makini, mtu anameza vyote kwa pamoja asubuhi halafu TSH haishuki wanabaki wanashangaa.

Utaratibu wa kupona uko hivi, na ukiujua hautakusumbua. CK inaanza kushuka mapema, mara nyingi ndani ya wiki chache, hata kabla TSH haijakaa sawa. Kwa hiyo kwa kesi yako mimi ningerudia CK baada ya wiki nne mpaka sita za levothairoksini. Kama ni tezi, 1480 inatakiwa iwe inaporomoka waziwazi, tuseme iwe kwenye mamia, na AST na ALT ziifuate. Kubana na kukakamaa kunafuata. Nguvu ndo inakuja mwisho kabisa, hiyo inachukua miezi, wengine nusu mwaka na zaidi, kwa sababu nyuzi zilizosinyaa lazima zijengeke upya. Usishangae CK ikiwa nzuri huku kuinuka chini bado ni kazi. Tembea, fanya kazi nyepesi za mwili, lakini mazoezi mazito ya kujikamua yasubiri mpaka CK itulie, maana msuli wa hivi ukisukumwa kwa nguvu ndo unaopasuka kweli.

Na siku ya kwenda kupima CK usiende ukiwa umefanya kazi nzito siku tatu nne kabla, usiwe umechomwa sindano ya msuli juzi yake, maana vyote vinaipandisha. Ujue pia watu wenye asili ya Afrika, hata wakiwa wazima kabisa, CK yao ya kawaida huwa juu kuliko viwango vinavyoandikwa kwenye karatasi nyingi za maabara, kwa hiyo huko mwisho ukibaki na 250 au 300 na huna dalili, hiyo inaweza kuwa ndo kawaida yako, siyo mabaki ya ugonjwa.

Kuna hali moja ambayo lazima niitaje kwa sababu nayo inaendelea baada ya kuacha statini, na ndo sababu siwezi kukwambia ni tezi halafu nikaondoka. Kwa watu wachache sana statini inaamsha kinga ya mwili ianze kuishambulia misuli yenyewe, na ikishaamka haijali kwamba dawa imeachwa. Hapo CK kawaida iko kwenye maelfu, na tatizo kubwa ni udhaifu unaozidi wiki hadi wiki, mapaja na mabega yanaisha nguvu, wengine wanaanza kupata shida kumeza. Kipimo chake ni antibodi inayoitwa anti-HMGCR, na matibabu yake ni dawa za kushusha kinga, levothairoksini haisaidii hapo. Kwa TSH ya 68 sioni sababu ya kuanzia huko. Lakini kama baada ya wiki sita mpaka nane za levothairoksini TSH inashuka vizuri huku CK imegoma au inapanda, au udhaifu unaongezeka huku unameza dawa ipasavyo, hapo mwambie daktari wazi kwamba unaomba kipimo hicho, usikubali kuambiwa "subiri tu". TSH ikishuka na CK ikakataa kushuka, ina maana tezi haikuwa jibu lote.

Mambo ya kukufanya usisubiri miadi ni haya: mkojo kuwa kahawia iliyokolea au karibu na weusi, mkojo kupungua sana, misuli kuvimba na kuuma ghafla kuliko kawaida, kushindwa kumeza au pumzi kuwa fupi. Mkojo wa hivyo unamaanisha msuli unavunjika kwa wingi na mabaki yake yanaenda kuziba figo, unakwenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa thairoidi peke yake ni nadra, ila ikiungana na mazoezi makali au statini inatokea. Na ukianza levothairoksini ukasikia maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio, nalo hilo hulali nalo.

Kuhusu kurudi kwenye statini, sasa hivi hapana. Misuli ikiwa bado inavuja hatutajua nini kinafanya nini. Subiri TSH iingie kwenye kawaida na ikae humo miezi miwili mitatu, CK nayo itulie, ndo mpime kolesteroli upya kana kwamba hujawahi kuipima. Watu wengi LDL inashuka yenyewe, na wapo ambao hawahitaji statini tena kabisa. Wasiosubiri hivi kirahisi ni wale waliokwisha kupata shambulio la moyo, kiharusi, au waliowekewa stenti, hao uamuzi wa kukaa bila statini hata kwa miezi michache ni wa kukaa na daktari wa moyo, kuna dawa nyingine za kushusha LDL za kuwashikilia kwa muda, kama ezetimibi.

Ikionekana bado unaihitaji, uwezekano wa kuivumilia safari hii ni mzuri, kwa sababu mwili utakaoipokea siyo ule wa mwanzo. Mnapima CK kabla ya kidonge cha kwanza ili muwe na namba ya kulinganisha, mnaanza dozi ndogo, kwa mfano rosuvastatini 5, mnaongeza taratibu, na CK inarudiwa kama dalili zikija, siyo kila wiki. Ukiwa juu yake halafu ukaandikiwa klarithromaisini kwa ajili ya kifua au itrakonazo kwa ajili ya fangasi, sema kwamba unatumia statini na taja ni ipi, maana dawa hizo zinaipandisha kwenye damu, hasa atovastatini na simvastatini. Asiyerudi kwenye statini maisha yake ni yule ambaye anti-HMGCR imetoka chanya.

Kitu kimoja cha kufanya kwenye miadi ijayo, angalia kwenye faili lako kama pameandikwa kwamba huwezi kutumia statini. Kama pameandikwa, omba paongezwe kwamba wakati ule TSH ilikuwa 68 na ilikuwa haijatibiwa. Miaka kumi baadaye mtu mwingine atafungua hilo faili akiwa anaamua kuhusu moyo wako, na bila hiyo sentensi atakunyima dawa ambayo pengine haikuwa na kosa. Ukipata CK ya wiki ya sita niandikie pamoja na TSH ya siku hiyohiyo na dozi uliyokuwa unameza, hizo tatu zikiwa pamoja zinatosha kuniambia tunaelekea wapi.